Kutoka ΔG° hadi K: kukokotoa konstanti ya msawazo kwenye halijoto unayoitaka

Chukua mmenyuko wa kutengeneza amonia kutoka nitrojeni na hidrojeni. Swali ni fupi: konstanti ya msawazo, K, ni ngapi kwenye nyuzi 400 za Selisiasi? Mtu anafungua jedwali nyuma ya kitabu, anakuta nishati huru sanifu ya uundwaji wa amonia ni −16.45 kJ/mol, anaizidisha kwa 2 kwa sababu zinatoka moli mbili, anapata −32.90 kJ. Anageuza nyuzi 400 kuwa 673.15 K, anaingiza kila kitu kwenye fomula anayoikumbuka, na kikokotoo kinampa K = 357. Anafurahi: K ni kubwa kuliko 1, basi amonia itajaa tele.

Vipimo vilivyofanywa kwenye halijoto hiyo vinasema K ni karibu 1.7 × 10⁻⁴. Jibu lake limepita kiasi kwa zaidi ya mara milioni mbili, tena limeelekea upande usio wake.

Ukikagua kazi yake hutaona kosa la hesabu. Fomula ni sahihi, vizio vimelingana, alama ya kutoa iko mahali pake. Kosa ni kwamba −32.90 kJ ni namba ya nyuzi 25, na yeye ameiweka kwenye fomula pamoja na halijoto ya nyuzi 400. Nimesahihisha kazi nyingi za namna hii, na kosa hili ndilo linalojirudia kuliko mengine yote, kwa sababu halijitangazi. Ndiyo maana mwongozo huu unautumia mmenyuko huuhuu wa amonia mwanzo hadi mwisho, na sehemu kubwa inahusu kuitoa ΔG°, yaani nishati huru sanifu ya mmenyuko, kwenye nyuzi 25 na kuifikisha pale inapotakiwa.

Fomula inasema nini hasa

```
ΔG° = −RT ln K
K = exp(−ΔG° / RT)
```

R ni 8.314 J/(mol·K), T ni halijoto kwa kelvini, na ln ni logi asilia, ile ya msingi wa e.

Fomula hii inatoka kwenye nyingine iliyo pana zaidi, ΔG = ΔG° + RT ln Q. Q ni uwiano uleule wa mazao kwa vianzio ambao ungeuandika kwa K, ila unapimwa wakati wowote, hata kabla mmenyuko haujatulia. ΔG isiyo na kialama cha duara inakueleza mchanganyiko ulio mbele yako sasa hivi unaelekea wapi. Ikiwa hasi, unasonga mbele kwenye mazao; ikiwa chanya, unarudi nyuma. Mchanganyiko ukifika kwenye msawazo hausogei tena upande wowote, kwa hiyo ΔG inakuwa sifuri, na Q ya wakati huo ndiyo tunayoiita K. Weka sifuri upande wa kushoto na fomula yetu inajitokeza yenyewe.

Hapo ndipo wengi wanajikwaa: kinachokuwa sifuri kwenye msawazo ni ΔG. ΔG° haibadiliki kwa sababu mchanganyiko umetulia. ΔG° ni namba ya hali ya kufikirika, ambapo nitrojeni, hidrojeni na amonia kila moja iko kwenye shinikizo la bar 1. Hakuna mtambo unaofanya kazi katika hali hiyo, lakini tunaihitaji kama alama ya kuanzia kupimia, kama vile urefu wa mlima unavyohesabiwa kutoka usawa wa bahari hata kama mlima wenyewe uko mbali na bahari.

Angalia pia kwamba nilipoitaja hali hiyo nimetaja bar 1 na sikutaja nyuzi 25. Kialama cha duara kinafunga shinikizo, hakifungi halijoto. Kuna ΔG° ya 298.15 K, kuna ya 500 K, kuna ya 673.15 K, na zote ni sanifu. Majedwali yamechagua kuchapisha ile ya 298.15 K, basi, na kutoka hapo watu wakadhani neno sanifu maana yake ni nyuzi 25.

Hatua ya kwanza: andika mlinganyo na usiuguse tena

```
N₂(g) + 3H₂(g) ⇌ 2NH₃(g)
K = (p_NH₃)² / [p_N₂ × (p_H₂)³]
```

Kila p ni shinikizo la gesi moja peke yake ndani ya mchanganyiko, kwa bar, ikiwa imegawanywa kwa bar 1 ili kizio kiondoke. Ndiyo sababu K haina kizio. Ingekuwa nacho, usingeweza kuchukua logi yake.

Mlinganyo ukishaandikwa, namba zote zitakazofuata ni zake. Ungeandika kwa moli moja ya amonia, yaani nusu ya huu, ΔG° ingekuwa nusu na K ingekuwa kipeuo cha pili cha ile ya kwanza. Kemia ni ileile, namba ni tofauti kabisa. Tutaliona jambo hili likileta mtafaruku mbele kidogo.

Hatua ya pili: beba entalpia na entropia, usibebe nishati huru peke yake

Ukitaka K ya nyuzi 25 tu, safu ya nishati huru kwenye jedwali inatosha. Ukitaka halijoto nyingine yoyote, unahitaji vipande viwili vinavyoitengeneza: entalpia ya uundwaji na entropia. Hizi ndizo namba zinazochapishwa kwa kawaida, zote za 298.15 K:

```
            ΔHf° (kJ/mol)    S° (J/mol·K)
N₂(g)            0              191.61
H₂(g)            0              130.68
NH₃(g)        −46.11            192.45
```

Entalpia ya nitrojeni na hidrojeni ni sifuri kwa sababu ni elementi katika umbo lake la kawaida. Entropia yao si sifuri. Nimewahi kuona mtu akiweka sifuri sehemu zote mbili na kupata ΔS° chanya kwa mmenyuko ambao molekuli nne za gesi zinakuwa mbili, jambo ambalo lingetosha kumshtua kabla hajaendelea.

Mazao kutoa vianzio, kila kimoja kikizidishwa kwa namba yake ya mlinganyo:

```
ΔH° = 2(−46.11) − 0 − 0 = −92.22 kJ
ΔS° = 2(192.45) − 191.61 − 3(130.68) = −198.75 J/K
```

Kabla ya kusonga, zitazame alama. Mmenyuko unatoa joto, kwa hiyo ΔH° ni hasi. Gesi inapungua, kwa hiyo ΔS° ni hasi. Hizi mbili zinavutana: joto linalotoka linaupendelea mmenyuko, entropia inayopotea inaupinga, na upinzani huo unakua kadiri T inavyopanda kwa sababu entropia inazidishwa kwa T. Kwa hiyo hata kabla ya kushika kikokotoo unajua K lazima ishuke ukipasha moto. Jibu lolote la nyuzi 400 linalozidi la nyuzi 25 litakuwa limekosewa.

Hatua ya tatu: nyuzi 25, ili ujipime

```
ΔG° = ΔH° − TΔS°
    = −92 220 − 298.15 × (−198.75)
    = −92 220 + 59 257
    = −32 960 J
```

Jedwali lilitupa −32.90 kJ kwa njia ya moja kwa moja, sisi tumepata −32.96. Tofauti ya J 60 inatokana na ukadiriaji wa namba za majedwali na haina neno. Ikiwa tofauti yako ni kilojuli kadhaa, kuna namba uliyoinakili vibaya, na ni rahisi kuitafuta sasa kuliko baadaye.

```
RT = 8.314 × 298.15 = 2 479 J/mol
ln K = 32 960 / 2 479 = 13.30
K = e^13.30 ≈ 6 × 10⁵
```

Nimegeuza kilojuli kuwa juli kabla ya kugawanya, kwa kuwa R imeandikwa kwa juli. Ukisahau, utagawanya 32.96 kwa 2 479, utapata 0.0133, na K itatoka 1.013. Ishike alama hiyo: karibu kila mara K inapotoka moja na videsimali viduchu, mtu amesahau elfu. Kosa jingine la kikokotoo ni kubonyeza 10ˣ badala ya eˣ. Hapa lingekupa 2 × 10¹³, na hilo halijitangazi hata kidogo, kwa hiyo jizoeze kurudi nyuma: chukua ln ya K uliyoipata uone kama 13.30 inarejea.

Nimeandika K kwa tarakimu moja tu, na sikufanya hivyo kwa uvivu. K imekaa juu ya kipeo, na kipeo kinakuza kila kosa dogo. Zile J 60 za tofauti ya jedwali zinahamisha K kutoka 5.95 × 10⁵ hadi 5.8 × 10⁵. Kwenye nyuzi 25, kila kJ 5.7 ya ΔG° ni mara kumi ya K. Kwa hiyo mtu anayekuandikia K yenye tarakimu tano kutokana na entalpia ya jedwali anajidanganya na anakudanganya na wewe.

Hatua ya nne: hamia nyuzi 400

Njia ya kwanza ni kudhani kwamba ΔH° na ΔS° hazibadiliki na halijoto, na kubadilisha T peke yake ndani ya ΔH° − TΔS°. T = 400 + 273.15 = 673.15 K.

```
ΔG° = −92 220 − 673.15 × (−198.75)
    = −92 220 + 133 789
    = +41 570 J
RT = 8.314 × 673.15 = 5 597 J/mol
ln K = −41 570 / 5 597 = −7.43
K ≈ 5.9 × 10⁻⁴
```

ΔG° imegeuka kutoka hasi kuwa chanya, na K imeshuka kwa mara bilioni moja hivi. Sasa kosa la mtu wetu wa mwanzo linaonekana wazi. Alibadilisha T iliyo chini ya mstari wa kugawanya akaiacha T iliyojificha ndani ya ΔG° yenyewe. Halijoto inaingia mara mbili katika hesabu hii, na zote mbili lazima ziwe moja.

Wengine wanapendelea kutumia fomula ya Jacobus van 't Hoff kuruka kutoka K moja hadi nyingine:

```
ln(K₂/K₁) = −(ΔH°/R) × (1/T₂ − 1/T₁)
```

Weka K₁ = 5.95 × 10⁵ kwenye 298.15 K na utapata ln K₂ = −7.43, jibu lilelile. Lazima iwe hivyo, kwa sababu ni hesabu moja iliyovalishwa nguo nyingine, na dhana iliyo nyuma yake ni ileile ya ΔH° isiyobadilika. Usiitumie moja kuthibitisha nyingine ukadhani umepata ushahidi wa pili. Faida ya van 't Hoff inaonekana pale ambapo K moja imepimwa maabara na huna entropia.

Ukigawanya ΔH° kwa ΔS° unapata halijoto ambayo ΔG° inakuwa sifuri na K inakuwa 1: 92 220 / 198.75 = 464 K, yaani nyuzi 191. Ni alama nzuri ya kukagulia kazi. Chini yake K inazidi 1, juu yake inashuka chini ya 1. Isikufanye tu udhani kwamba kwenye nyuzi 191 nusu ya gesi imekuwa amonia. K ya 1 inasema uwiano ule wenye vipeo ni 1, na uwiano huo unategemea pia shinikizo la mtambo.

Hatua ya tano: je, dhana hiyo ilistahili kuaminiwa?

Tumepata 5.9 × 10⁻⁴, vipimo vinasema karibu 1.7 × 10⁻⁴. Tumekosea kwa mara tatu na nusu. Ukilinganisha na kosa la mara milioni mbili ni kidogo mno, na kwa kujua tu kama mmenyuko unaegemea upande gani inatosha. Kwa kupanga mtambo haitoshi.

Chanzo ni kwamba ΔH° na ΔS° zinabadilika taratibu, kwa sababu vianzio na mazao havimezi joto kwa kiwango kimoja vinapopashwa. Uwezo joto wa kila gesi kwenye shinikizo lisilobadilika, Cp, ni J/(mol·K) 29.12 kwa nitrojeni, 28.82 kwa hidrojeni na 35.06 kwa amonia. Tofauti yao kwa mlinganyo wetu:

```
ΔCp = 2(35.06) − 29.12 − 3(28.82) = −45.46 J/K
```

Hii si ndogo. Kwa kila kelvini unayopanda, ΔH° inazidi kuwa hasi kwa J 45, na tumepanda kelvini 375. Sahihisha zote mbili:

```
ΔH°(673) = −92 220 + (−45.46)(375) = −109 270 J
ΔS°(673) = −198.75 + (−45.46) × ln(673.15/298.15)
         = −198.75 − 45.46 × 0.8144
         = −235.77 J/K
ΔG°(673) = −109 270 + 673.15 × 235.77 = +49 440 J
ln K = −49 440 / 5 597 = −8.83
K ≈ 1.5 × 10⁻⁴
```

Sasa tuko jirani kabisa na vipimo. Tofauti ndogo iliyobaki inatokana na kuichukulia Cp yenyewe kama haibadiliki, ilhali ya amonia inapanda inapopashwa. Anayehitaji zaidi ya hapo anaacha kurekebisha namba za nyuzi 25 na kwenda kwenye majedwali yanayotoa ΔG° ya uundwaji kwa kila kelvini 100.

Tazama mambo mawili hapo. La kwanza, ΔH° ilihama kwa kJ 17, lakini ΔG° ilihama kwa karibu kJ 8 tu. Entalpia na entropia zinahama pamoja, na sehemu kubwa ya makosa yao inafutana. Bila bahati hiyo njia ya hatua ya nne isingefaa kitu. Kwa hiyo usirekebishe moja ukaiacha nyingine; ukiweka ΔH° mpya na ΔS° ya zamani utapata jibu baya kuliko kama usingegusa chochote. Jaribu uone: −109 270 + 133 789 ni +24 520 J, na K inatoka karibu 0.013, mbali na ukweli kwa mara sabini na zaidi.

La pili, ukubwa wa ΔCp ndio unaokuambia kama marekebisho yanahitajika. Mmenyuko ambao idadi ya molekuli za gesi haibadiliki huwa na ΔCp ndogo, na kwa safari ya kelvini 50 au 100 sijisumbui nayo. Idadi ya gesi ikibadilika na safari ikawa ya mamia ya kelvini, nairekebisha bila kujiuliza mara mbili. Na kama njiani kuna kitu kinayeyuka au kuchemka, hakuna Cp itakayokuokoa: lazima uongeze joto la kuyeyuka au kuchemka kwenye ΔH° na entropia yake kwenye ΔS°, kwa maana baada ya hapo ni mlinganyo mwingine. Hapa zote ni gesi kuanzia nyuzi 25 hadi 400, tumepona.

Halijoto kubwa namna hii iliwahi kuwagonganisha wakubwa. Mwaka 1907, kwenye mkutano wa wanakemia huko Hamburg, Walther Nernst alizipinga hadharani namba za msawazo wa amonia alizokuwa amezipima Fritz Haber, kwa sababu hazikukubaliana na hesabu zake za kithamodinamiki. Kwenye halijoto aliyotumia Haber, karibu nyuzi 1000, amonia inayobaki kwenye shinikizo la kawaida ni sehemu ndogo mno ya asilimia, na kosa dogo la kupima kitu kidogo hivyo linabadilisha K vibaya.

Hatua ya sita: K yako ni K ipi?

Tuseme sasa unataka kuhakiki 1.5 × 10⁻⁴ kwa chanzo kingine, na unakuta kimeandikwa 0.0129 kwa nyuzi 400. Unarudi kwenye hesabu usiku kucha ukitafuta kosa lisilokuwepo. Chanzo hicho kimeandika mlinganyo kwa moli moja ya amonia. Zidisha 0.0129 kwa yenyewe na unapata 1.66 × 10⁻⁴, namba ambayo tumekuwa tukiitaja tangu mwanzo. Kabla ya kulinganisha K mbili, linganisha milinganyo yake.

Tofauti nyingine ni ya shinikizo na mkolezo. ΔG° ya gesi imejengwa juu ya bar 1, kwa hiyo K inayotoka ni ya mashinikizo, ile inayoandikwa Kp. Kama tatizo limetoa mikolezo kwa moli kwa lita, geuza:

```
Kc = Kp × (RT)^(−Δn),   Δn = 2 − 4 = −2
R = 0.08314 L·bar/(mol·K)
RT = 0.08314 × 673.15 = 55.97
Kc = 1.5 × 10⁻⁴ × 55.97² ≈ 0.47
```

R imebadilika sura kwa sababu hapa inageuza bar kuwa moli kwa lita, wakati ndani ya −RT ln K inabaki 8.314. Kutumia R moja sehemu zote mbili ni kosa jingine la kawaida. Mmenyuko wenye Δn sifuri haukupi shida hii, Kp na Kc zinalingana, na ndiyo maana mtu anaweza kufanya mazoezi kumi bila kugundua kwamba hajui tofauti. Vitabu vya zamani vinatumia atmosfia 1 badala ya bar 1. Kwa mmenyuko wetu hilo linabadilisha K kwa asilimia 3 hivi, chini ya makosa mengine tuliyokwisha kuyavumilia.

Kuitumia namba

K ya 1.5 × 10⁻⁴ inaonekana kama hukumu ya kifo kwa mtambo wa amonia, ilhali mitambo inafanya kazi kati ya nyuzi 400 na 500 tangu wa kwanza ulipoanza Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Tuone inawezekanaje. Anza na moli moja ya nitrojeni kwa tatu za hidrojeni, na uite x sehemu ya gesi yote ambayo ni amonia kwenye msawazo. Kinachobaki, 1 − x, kinagawanyika robo nitrojeni na robo tatu hidrojeni. P ni shinikizo lote kwa bar:

```
p_NH₃ = xP
p_N₂  = 0.25(1 − x)P
p_H₂  = 0.75(1 − x)P
```

Ingiza kwenye K. P inakuja kwa kipeo cha pili juu na cha nne chini, kwa hiyo P² inabaki chini. Chukua kipeuo cha pili pande zote, kinakuja hivi:

```
x / (1 − x)² = 0.325 × √K × P
             = 0.325 × 0.0122 × P
             = 0.0040 P
```

Kwa bar 1, upande wa kulia ni 0.0040 na x ni takribani hiyohiyo: amonia asilimia 0.4. Haifai kitu. Kwa bar 200, upande wa kulia ni 0.80, na ukitatua mlinganyo wa kipeo cha pili unapata x = 0.34. Theluthi ya gesi ni amonia, kwa K ileile ambayo haikubadilika hata chembe. Amonia ikipoozwa inakuwa kimiminika na kutoka, gesi iliyobaki inarudishwa ndani kwa mzunguko mwingine.

Swali la kwa nini wasishushe halijoto hadi nyuzi 25, ambako K ni 6 × 10⁵, thamodinamiki halijibu. K inakuambia mchanganyiko ungetulia wapi ukipewa muda wowote unaouhitaji. Kwenye nyuzi 25 muda huo haufiki, hata ukiweka kichocheo cha chuma. Nyuzi 400 zimechaguliwa kwa ajili ya kasi, na shinikizo kubwa ndilo linalolipa gharama ya K iliyopotea.

Kwa bar 200 vipimo vinatoa asilimia chache zaidi ya 34 yetu. Hapo si Cp tena, na wala usiende kuirekebisha K. Gesi zilizobanwa kiasi hicho haziendi kama gesi za kitabuni, amonia hasa, kwa kuwa molekuli zake zinavutana kwa nguvu. Kila p inapaswa kuzidishwa kwa kipimo cha jinsi gesi ilivyokengeuka, kinachosomwa kwenye majedwali au kukokotolewa kutoka mlinganyo wa hali ya gesi. Kwa bar 1 kipimo hicho ni 1 na unaweza kukisahau. Chini ya bar 10 hivi, kwa gesi hizi na joto hili, mimi hukisahau. Juu ya hapo nakirudisha, nikiweka K palepale kwenye 1.5 × 10⁻⁴ na kusahihisha mashinikizo peke yake.